Usafi wa Kinywa kwa Mgonjwa Asiyejitambua na Aliye Kwenye Mashine ya Kupumulia
Mwongozo wa vitendo kwa wanafunzi wa uuguzi wanaoanza zamu wodi ya mahututi, Pemba

Kwa nini tunafanya

Mgonjwa asiyejitambua hamezi wala hakohoi ipasavyo, na mara nyingi kinywa hukaa wazi. Mate hukauka, utando huganda kwenye meno na ulimi, na ndani ya siku chache vijidudu vya hospitali hushika nafasi ya vile vya kawaida. Kwa mwenye mrija wa kupumulia, mate machafu hutuama juu ya puto la mrija. Puto halizibi kabisa: yanapenya kidogo kidogo hadi mapafuni na kuleta nimonia. Kwa hiyo mswaki ung'oe utando, na sakshen itoe kilichong'oka. Ukipiga mswaki bila kunyonya, umeuhamisha uchafu kutoka kwenye meno kuupeleka njia ya hewa.

Vifaa

Mswaki laini wa kichwa kidogo (wa mtoto unafaa), maji safi yaliyotakaswa, sirinji ya ml 10, gozi, tochi, kijiti cha kukandamizia ulimi, taulo, glavu, barakoa, aproni na miwani ya kinga. Washa sakshen na uijaribu kabla hujagusa kinywa. Kwa mtu mzima mmHg 80–120 zinatosha. Dawa ya meno si lazima: povu lake ni gumu kulinyonya, na likibaki hukausha kinywa. Usitumie ndimu na gliserini, nazo hukausha. Klorheksidini usiipake kwa mazoea. Fuata agizo la wodi.

Utaratibu

Nawa mikono. Mwambie mgonjwa unachofanya hata kama hajibu: "Mama, nakusafisha kinywa sasa." Huenda anasikia.

Aliye kwenye mashine, inua kichwa cha kitanda nyuzi 30–45. Asiye na mrija mlaze ubavu, uso ukielekea chini kidogo, ili maji yatoke nje yenyewe.

Kwa mwenye mrija, soma alama ya sentimita kwenye meno na upime shinikizo la puto: sm 20–30 za maji. Likiwa chini, mate hupenya; likizidi, huumiza koo la hewa. Mwenzako ashike mrija muda wote. Mrija kutoka ni dharura, na mwanafunzi hafanyi zoezi hili peke yake.

Nyonya kwanza mate yaliyotuama. Toa meno ya bandia, yahifadhi kwenye maji katika kikopo chenye jina. Mulika: midomo, fizi, ulimi, mashavu kwa ndani, na pale mrija unapoegemea. Utando mweupe usiofutika kirahisi huenda ni fangasi. Kwa watu wazima wetu, wekundu wa tambuu kwenye meno usiuandike kuwa damu: futa kwa gozi, tazama kama unatoka kwenye fizi.

Piga mswaki ukiulaza nyuzi 45 kwenye mstari wa fizi, jino kwa jino, nje na ndani, kama dakika 2. Ulimi usugue kutoka nyuma kuja mbele, bila kufika kooni, maana utamtapisha. Suuza kwa ml 2–5 tu kila mara, sirinji ikielekea shavuni, huku ukinyonya. Fizi zikitoka damu au chembe sahani zikiwa chache, tumia gozi laini lenye maji.

Akiuma meno usilazimishe, na kidole kamwe kisiingie kati ya meno. Subiri alegee.

Midomo ipake jeli ya maji. Usimpake vesilini mwenye oksijeni. Mswaki mara 2 kwa siku. Kulowesha kila saa 2 hadi 4.

Ndugu wa mgonjwa

Mara nyingi watakuja na zamzam au asali. Wapokee kwa heshima, usiwafokee. Waeleze kwamba mgonjwa hamezi, na tone likiingia kinywani laweza kufika mapafuni. Wakitaka, wewe uloweshe gozi, ulikamue, upanguse midomo kwa nje mbele yao.

Mfano wa kumbukumbu

"Saa 2:00 asubuhi. Mrija sm 22 kwenye meno, kabla na baada. Puto 25. Midomo mikavu, kidonda kidogo pembe ya kulia, msimamizi ameambiwa. Mswaki umepigwa, mate mazito ya njano yamenyonywa. Oksijeni 96%, haikushuka."

Orodha ya kukagulia (ukikosa chenye nyota, unarudia zoezi)

☐ Mikono, vifaa vya kinga
☐ Sakshen imejaribiwa *
☐ Mgonjwa ameambiwa
☐ Mkao sahihi *
☐ Alama ya mrija na puto, kabla *
☐ Mwenza ameshika mrija *
☐ Kinywa kimekaguliwa kwa tochi
☐ Meno yote na ulimi vimesuguliwa
☐ Maji kidogo, kunyonya papo hapo *
☐ Midomo imepakwa
☐ Alama ya mrija, puto, hewa kuingia kifuani pande zote mbili na oksijeni, baada *
☐ Mswaki umeoshwa, umeanikwa wima, una jina
☐ Kumbukumbu imeandikwa