KUH: Riba ya Malipo Yaliyochelewa, Ankara Na. 0417

Nakuru, 5 Mei 2025

Kwa Bwana Mkandarasi, Mamboleo, Kisumu

Salamu, na hongera kwa jengo lililofikia paa.

Mabati na saruji tulizokuletea tarehe 3 Machi zilikuwa za Sh184,000. Siku 30 tulizokubaliana ziliisha tarehe 2 Aprili, na hatujapokea malipo.

Kwa heshima, tunakukumbusha kifungu cha 6 cha mkataba tuliotia sahihi sote: deni likipita muda, hutozwa riba ya asilimia 2 kwa kila mwezi uliotimia, kwa deni la msingi tu. Riba haizai riba. Mwezi mmoja umetimia, kwa hivyo riba ni Sh3,680 na jumla Sh187,680. Ukilipa kabla ya tarehe 2 Juni, hakuna kitakachoongezeka.

Twajua wenye majengo nao huchelewesha wakandarasi. Ikiwa ndivyo, nipigie tupange malipo ya awamu. Mteja wa miaka minne hatutaki kumpoteza. Kama umeshalipa, tafadhali nitumie ujumbe wa M-Pesa au stakabadhi ya benki nirekebishe hesabu.

Wako mwaminifu,
Mhasibu, Duka la Vifaa vya Ujenzi