Pendekezo la Mfululizo wa Podikasti: Sauti za Mwani

Ninaomba idhini ya kutayarisha, kwa ajili ya somo la Utangazaji, vipindi 6 vya dakika 15 kuhusu wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wengi wao wanawake, ambao joto la bahari linawaharibia kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri kuliko aina nyingine, spinosamu. Walengwa ni wakulima wenyewe na vijana wa pwani. Kwa hiyo kila kipindi kitaanzia shambani, maji ya bamvua yakiwa yamekupwa, mkulima azungumze kwa lahaja yake bila kukatizwa, kisha mtaalamu ajibu hoja zake. Bajeti ni shilingi 480,000: nauli 180,000, kukodi kinasa sauti 220,000 na intaneti 80,000. Vipindi vitawekwa Spotify kila Ijumaa na kutumwa kwenye vikundi vya WhatsApp vya wakulima, njia ninayoitegemea zaidi.