Tredi-ofu na Pekingi Oda: Nani Anaelezea Vizuri Kampuni Inavyokopa?

Mwaka 1958 wachumi Modigliani na Miller walisema kwenye soko lisilo na kodi wala gharama za kufilisika, thamani ya kampuni haibadiliki kisa imekopa au imeuza hisa. Sawa, ila soko hilo halipo, na wenyewe 1963 wakarudi wakaingiza kodi, hapo ndo mjadala ukanoga.

Nadharia ya tredi-ofu, yaani kupima faida ya deni dhidi ya hasara yake, inaanzia kwenye kodi. Chukua kampuni ya Tanzania inayolipa kodi ya 30%, imekopa milioni 100 kwa riba ya 18%, riba ni milioni 18 kwa mwaka na inatolewa kabla ya kodi kupigwa, kwa hiyo imeokoa milioni 5.4. Tamu eeh? Mbona sasa isikope mpaka shingoni? Kwa sababu kadiri deni linavyopanda benki inaanza kukaza, sapulaya wanataka keshi mkononi, wafanyakazi wazuri wanasepa. Kwa hiyo kampuni inakopa mpaka pale shilingi inayookolewa kwenye kodi inalingana na hasara ya kukaribia kufilisika, basi, hapo ndo kiwango chake.

Nadharia ya pekingi oda ya Myers na Majluf (1984) haina kiwango, ina foleni tu ya wapi kampuni ichukue hela. Kwanza faida uliyobakiza, ikiisha kopa, hisa mpya mwisho kabisa. Sababu ni kwamba bosi anaijua kampuni kuliko mnunuzi wa hisa, na mnunuzi analijua hilo. Ni kama jirani akitaka kumuuza ng'ombe wa maziwa haraka haraka, utajiuliza huyu ng'ombe ana nini, na bei utashusha tu.

Sasa kampuni zenye faida kubwa. Tredi-ofu inasema zikope zaidi, maana zina kodi nyingi ya kuokoa na kufilisika kuko mbali, lakini tafiti nyingi zimekuta kinyume, zenye faida ndo zinakopa kidogo. Hapa pekingi oda inashinda bila ubishi, kama una hela zako benki unaenda kufanya nini.

Ila Apple inanisumbua. Ilikaa miaka bila deni la muda mrefu huku inatengeneza faida ya kutisha, pekingi oda tupu, halafu 2013 ikauza hatifungani za dola bilioni 17 wakati ina keshi na vitega uchumi vya kama bilioni 145! Imeruka foleni? Sidhani. Sehemu kubwa ya hela ile ilikuwa nje ya Marekani, kuirudisha nyumbani kungekutana na kodi ya hadi 35%, wakati riba kipindi hicho ilikuwa chini sana. Hela ya mfukoni ilikuwa ghali kuliko ya kukopa. Yaani foleni ilibaki ileile ya kuanza na hela rahisi, ila kodi, silaha ya tredi-ofu, ndo iliyopanga nani asimame mbele.