Kitini cha 4: Kusoma mchoro NB-07, nyumba ya beringi 6205

Soma kitini hiki mchoro NB-07 ukiwa mezani. Kazi yenyewe ni nyumba ya beringi ya chuma cha kalibu: flanji ya kipenyo cha milimita 120, shingo ya kipenyo cha 76, na upande wa flanji kuna kiti cha beringi 6205. Beringi hiyo ina kipenyo cha ndani 25, cha nje 52, upana 15. Flanji inafungwa kwenye ukuta wa mashine kwa bolti 4 za M8, na ukuta huo ndio unaobana ringi ya nje ya beringi. Kumbuka jambo hili la mwisho, maana bila hilo kuna kipimo kimoja kitakachoonekana kama kosa la mchoraji.

Kisanduku cha kona ya chini kulia

Kabla ya kugusa kipimo chochote, soma kisanduku hiki: vipimo vyote ni milimita, skeli 1:2, toleo B, tolaransi za jumla ISO 2768-m. Kama karatasi yako ni toleo A, irudishe. Usiweke rula juu ya mchoro hata ukijua skeli, kwa sababu nakala ya fotokopi hujikunja na kupungua. Kipimo ni namba iliyoandikwa.

Alama ya koni iliyokatwa ncha iko kushoto, duara zake mbili kulia. Huo ni mpangilio wa pembe ya kwanza: unachokiona ukisimama kushoto kwa kazi kimechorwa upande wa kulia. Alama ikigeuzwa, duara kushoto na koni kulia, ni pembe ya tatu, na mwenye kuchanganya hizi mbili hutoa kazi iliyopinduka kama taswira ya kwenye kioo.

Mkato A-A

Mwonekano wa kulia unaonyesha duara za 120, 76 na 44 kwa mstari mnene, na duara ya 52 kwa mstari mwembamba wa vipande. Vipande maana yake umbo lipo ila limefichwa: kiti cha beringi kiko nyuma, upande wa flanji. Duara hiyo haikuambii kiti kina kina gani, ndiyo maana mwonekano wa kushoto ukachorwa kama umepasuliwa.

Fuata mstari wa A-A kwenye mwonekano wa kulia. Unashuka kutoka juu kupitia tundu la bolti, unafika katikati, kisha unapinda digrii 45 kupitia ubavu wa kuimarisha shingo. Mishale inaonyesha upande unaotazama. Nusu ya chini imezungushwa hadi ikawa wima kabla ya kuchorwa, kwa hiyo usidhani ubavu umekaa mkabala na tundu la bolti. Mbavu ziko katikati ya matundu.

Mistari ya mshazari ya digrii 45 huonyesha mahali msumeno wa kufikirika ulipokata chuma. Ubavu hauna mistari hiyo ingawa mkato umepita ndani yake kwa urefu. Si usahaulifu: ungechorwa mshazari, msomaji angeona koni nzima ya chuma kuzunguka shingo. Kwenye michoro ya kuunganisha, shafti, bolti, nati, chaveta na gololi za beringi huachwa hivyo hivyo zikikatwa kwa urefu. Vipande viwili vinavyogusana huwekewa mshazari wa pande tofauti. Kipande kimoja hubaki na mshazari uleule kila kinapoonekana.

Vipimo

Alama ø ni kipenyo. Kama kiti sasa kina 50 na kinatakiwa 52, zimebaki milimita 2 za kipenyo, lakini kisu kitaingia 1 tu kila upande. Angalia kwanza kama gurudumu la mashine yako ya kukereza linahesabu kipenyo au nusu yake.

Flanji ina unene 16, shingo urefu 24, na urefu wote umeandikwa (40). Mabano yanasema kipimo ni cha taarifa tu, hakikaguliwi. Sababu ni hesabu: kwa ISO 2768-m, vipimo vya zaidi ya 6 hadi 30 vina ±0.2, na vya zaidi ya 30 hadi 120 vina ±0.3. Ukijumlisha 16 na 24, kosa linaweza kufika ±0.4. Bila mabano, mchoro ungekuwa unajipinga wenyewe.

Matundu yameandikwa 4 × ø9, na shimo la kuzamisha kichwa ø15 kina 9, kutoka upande wa shingo. Duara ya vitovu, ø98, iko ndani ya fremu ya mstatili. Kipimo chenye fremu hakichukui ±0.3 ya jumla. Mipaka yake iko kwenye kisanduku cha nafasi kilicho pembeni: kila kitovu kiwe ndani ya duara ya 0.3. Kwa kuwa tundu la 9 linaiachia bolti ya M8 milimita 1, flanji itafunga bila kulazimisha.

Tolaransi

Kiti kimeandikwa ø52 H7. Herufi kubwa ni ya tundu, ndogo ni ya shafti. Namba ni daraja la usahihi. Kwa 52, H7 ni +0.030 na 0: kati ya 52.000 na 52.030. Lenga 52.015. Anayelenga 52.000 hasa hujipa nusu ya makosa yake upande uliokatazwa. Ringi ya nje ya beringi ya daraja la kawaida ni 52.000 hadi 51.987, kwa hiyo nafasi itakuwa sifuri hadi 0.043, inaingia kwa kusukuma kwa mkono. Shafti yake, ø25 k6, ni 25.002 hadi 25.015, tundu la beringi ni 24.990 hadi 25.000. Hapo beringi hubana kwa 0.002 hadi 0.025, na hiyo ndiyo nia, kwani ringi ya ndani ndiyo inayozunguka na shafti.

Vernia haitoshi kukagua mkanda wa 0.030. Tumia maikromita ya ndani au geji ya pande mbili, upande wa 52.000 upite na wa 52.030 ukatae. Acha kazi ipoe kwanza. Vipimo vya mchoro ni vya nyuzi 20, na chuma cha kalibu cha 52 kikiwa na joto la nyuzi 40 kimepanuka karibu 0.011. Kilichosoma 52.008 kikiwa moto kitakuwa 51.997 kikipoa, chini ya mpaka, na beringi inaweza kugoma.

Sasa kina cha kiti: 14.7 ±0.1. Beringi ni 15.000 hadi 14.880, basi itachomoza 0.08 hadi 0.40 nje ya flanji. Ukuta wa mashine utaigusa ringi kwanza na kuibana. Gasketi hujaza pengo. Ukichimba 15.0 “ili ikae vizuri”, ukuta utagusa flanji, ringi itabaki huru, itazunguka polepole na kula kiti.

Kisanduku chenye alama ⊥ 0.02 A kinataka kiti kiwe wima kwa uso wa flanji. Shika shingo kwenye chaki, kereza uso na kiti bila kufungua kazi. Ukiigeuza katikati, 0.02 ni bahati nasibu.

Zoezi

1. Kiti kimepima 52.034. Kinaokoleka?
2. Kina cha kiti ni 14.83. Kipite?
3. Flanji 16.15, shingo 24.18, jumla 40.33. Ikataliwe?

Majibu: 1. Hapana, chuma kilichokatwa hakirudi, kingekuwa 51.980 kingeendelea kukerezwa. 2. Kisipite, ukomo ni 14.80, kereza uso wa flanji 0.1 kama unene utabaki si chini ya 15.8. 3. Isikataliwe, 16 na 24 vyote viko ndani ya ±0.2, na 40 iko kwenye mabano.