YAH: Ombi la barua ya mapendekezo kwa masomo ya uzamili

Ujiji, Kigoma
9 Februari 2026

Shikamoo Daktari,

Habari za Morogoro, na pole na kazi. Ni mimi Zuhura Rajabu, niliyesoma Sayansi na Teknolojia ya Chakula hapo SUA na kuhitimu mwaka 2019. Tumepita wengi mikononi mwako, hivyo nikukumbushe: ndiye niliyefanya mradi wa mwaka wa mwisho kuhusu ukaushaji wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, wewe ukiwa msimamizi wangu.

Ninaomba nafasi ya shahada ya uzamili ya Sayansi na Teknolojia ya Chakula katika Chuo Kikuu cha Makerere, na ninahitaji barua ya mapendekezo kutoka kwa mwalimu aliyeniona nikifanya kazi. Kama nafasi inaruhusu, na kama kweli unaona una la kuniandikia, ninakuomba wewe.

Sitaki ujikute unaandika sifa za jumla kwa sababu miaka imepita, kwa hiyo naeleza yale uliyoyashuhudia mwenyewe. Nilikusanya sampuli 48 katika mialo ya Kibirizi na Katonga, nusu za dagaa walioanikwa mchangani na nusu za walioanikwa kwenye chanja. Nilipima unyevu kwa oveni ya nyuzi 105 na majivu yasiyoyeyuka katika asidi, ambayo ndiyo yaliyotuonyesha wingi wa mchanga. Dagaa wa chanja walikuwa safi zaidi kwa mbali. Kwenye unyevu, tofauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia, nawe ulinikataza kuikuza kwenye ripoti.

Kuna jambo moja ambalo ningependa uliandike ukiona linafaa. Sampuli 16 za mwanzo nilizisafirisha kwenye mifuko ambayo sikuifunga vizuri, zikavuta unyevu njiani. Namba zilitoka nzuri na hakuna aliyeshuku. Nilikuja ofisini kwako nikakueleza, ukaniambia nizitupe, nami nikarudi Kigoma kwa treni kuchukua nyingine. Ripoti ilichelewa wiki tatu na nikapata B+. Nakuomba usilifiche kosa hilo. Atakayesoma barua atanielewa vizuri zaidi akijua nilikosea nini na nilifanya nini baada ya hapo.

Tangu 2021 niko kwenye kiwanda kidogo cha kufungasha dagaa hapa Ujiji, nikisimamia ubora na kufundisha akina mama wa mwaloni wanaotuuzia. Kilichonisukuma kurudi darasani ni mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Wavuvi hapa wamezoea kupumzika siku chache mwezi unapokuwa mpevu, kwa kuwa taa hazivuti dagaa vizuri, lakini miezi mitatu ni mingine kabisa. Mama mmoja alikuwa ameweka magunia tisa. Kufikia Julai, manne yalikuwa yameota ukungu, na ndiyo yaliyokuwa karo ya wanawe. Alinionyesha gunia moja akaniuliza alikosea wapi. Nilimjibu kwa kukisia, na hilo linanisumbua mpaka leo. Utafiti ninaoupendekeza ni wa uhifadhi: dagaa wakaushwe kwa kiwango gani na wafungwe kwa mfuko gani ili wavumilie joto na unyevunyevu wa huku.

Kazi zangu za kiwandani usijisumbue nazo, maana meneja wangu ndiye mdhamini wa pili na atazieleza. Kwako ningefurahi ukigusa kazi ya maabara, uandishi wangu (nakumbuka sura ya tatu uliirudisha mara nne) na maoni yako kama ninaweza kubeba utafiti mrefu zaidi. Kama kuna upande unaona bado nina udhaifu, useme pia.

Barua iwe ya Kiingereza, kurasa moja hadi mbili, na mwisho wa kuipokea ni 20 Machi. Ukikubali, nitaandika jina lako kwenye fomu, kisha chuo kitakutumia kiungo kwenye barua pepe yako ya kazi. Utaipakia wewe mwenyewe, mimi sitaiona. Nimeambatanisha ripoti ya mradi yenye masahihisho yako, nakala ya matokeo, wasifu wangu na rasimu ya pendekezo la utafiti.

Naomba unijulishe kabla ya 20 Februari. Ukiwa na majukumu mengi, au ukiona kumbukumbu haitoshi kuandika kwa uhakika, niambie tu, Daktari. Nitaelewa, na bado nitakuwa na muda wa kumwomba mwalimu mwingine. Simu yangu ni ile ile, nawe ukipenda tuzungumze kwanza nitakupigia jioni utakayochagua.

Asante kwa ile siku uliyoniambia nizitupe zile sampuli.

Mwanafunzi wako,
Zuhura Rajabu