Menyu ya Mahafali ya Binti Yetu: Wageni 50, Nyumbani Moshi, Jumamosi

Vya kuandaa Ijumaa
Sambusa za nyama 120, zifungwe na kugandishwa. Juisi ya ukwaju lita 20, sukari kidogo kwa ajili ya wazee wenye kisukari. Mishkaki kilo 6, ilowekwe kwa tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, ilale kwenye friji.

Vya moto, mezani saa 7 mchana
Pilau: mchele kilo 7, nyama kilo 5. Shangazi anabandika saa 4 asubuhi. Mtu asifunue sufuria kabla hajaruhusu.
Machalari: ndizi mshare mkungu 1 mkubwa, nyama kilo 4. Bibi na babu wataanzia hapa, kwa hiyo yasipoe hata kidogo. Ndizi zimenywe asubuhi hiyohiyo, maana zikilala zinakuwa nyeusi.
Sambusa na mishkaki vitoke jikoni wageni wakishaketi.

Pembeni
Kachumbari, ikatwe saa 6. Chumvi itiwe wakati wa kupakua isije ikatoa maji. Parachichi. Matikiti maji 6.

Vinywaji: soda kreti 3, maji, mbege ya wazee.
Keki saa 9.