Mlango Uliopinda

Jumapili saa kumi na nusu jioni, Neema alikuwa amesimama Coco Beach karibu na wauza mihogo, kavaa gauni la njano, simu mkononi. Hamisi akampita. Akaenda mpaka kwenye miamba, akageuka, akampita tena. Mara ya tatu akasimama mbele yake.

"Samahani dada, hujamwona msichana kavaa gauni la njano? Tumeahidiana hapa."

Neema akaliangalia gauni lake. Hakujibu. Hamisi akapiga simu, na ile iliyokuwa mkononi mwa Neema ikaanza kuita.

Tuseme ukweli, kwenye ile picha ya profaili aliyoizoea Hamisi ni gauni peke yake lililopona. Neema ana miaka 18. Aliipiga chumbani kwao Tabata, kisha akaikalia usiku kucha. Alianza na chunusi mbili za kidevuni, ambazo zingekauka zenyewe ndani ya wiki. Kazi ikamnogea. Akajipandisha weupe, akapunguza mashavu, akakuza macho, akabana kiuno. Mwisho akaziba mwanya. Mwanya! Bibi yake wa Pangani huwa anasema ungekuwa unauzwa dukani, watu wangepanga foleni.

Wakaagiza mihogo. Muuzaji akaipasua, akaipaka pilipili, akawawekea na kachumbari. Wiki tatu walikuwa wanachati mpaka saa nane za usiku. Sasa hata la kusema juu ya pilipili lilikosekana.

"Ni mimi," Neema akasema. "Ile picha niliichezea."

"Kiasi gani?"

Akamhesabia kimoja kimoja. Alipofika kwenye mwanya, sauti ikamkauka.

Hamisi akashika kipande cha muhogo, asikile. "Sura yako haina tatizo. Ila nimepanda daladala mbili kutoka Gongo la Mboto, njia nzima napanga maneno ya kumwambia mtu. Nimefika, hayupo. Sasa hata yale ya usiku sijui nilikuwa naongea na nani."

"Yale yalikuwa yangu."

"Nitajuaje?"

Neema hakuwa na jibu. Hamisi akalipia mihogo yote, akaaga kwa adabu, akaondoka kabla ya magharibi.

Usiku Neema aliiondoa ile picha kwenye profaili. Akajipiga nyingine chini ya taa ya chumbani, na chunusi zake, meno nje. Akaiweka bila kuigusa, akaifunika simu kwa mto kama vile ingemuuma.

Saa tano ikaingia meseji. "Nimeiona mpya. Hivi, kwenye ile ya zamani mlango nyuma yako ulikuwa umepinda. Nilidhani nyumba yenu ndiyo mbovu, nikaona aibu kukuuliza."

Neema akaitafuta ile ya zamani kwenye simu. Kweli: pale alipobana kiuno, fremu ya mlango ilikuwa imeingia ndani kama upinde. Wiki tatu hakuiona.

Akainuka kitandani, akaupiga picha mlango wenyewe, umenyooka wima na kanga ya mama yake imening'inia juu yake, akamtumia.